1603 Si Jibu: Namna ya Kusoma Logi ya Usakinishaji wa Windows

Unasakinisha programu mpya ya mauzo kwenye kompyuta ya dukani. Mstari wa kijani unasogea vizuri hadi karibu na mwisho, unasimama kwa muda, kisha unaanza kurudi nyuma. Baadaye kinatokea kidirisha kinachosema kazi imeshindikana, na ndani yake mna namba 1603. Wengi hapo huiandika namba hiyo kwenye mtandao, na mtandao huwapa mapendekezo yasiyo na idadi: zima kinga ya virusi, safisha faili za muda, rekebisha rejista ya Windows, weka Windows upya. Siku nzima huishia hapo, na programu bado haijaingia.

Sababu ya kupotea kwa siku hiyo ni kwamba 1603 haitaji chanzo. Katika orodha ya Microsoft, maana yake ni kuwa limetokea kosa zito wakati wa usakinishaji, basi. Folda ambayo akaunti ya SYSTEM haina ruhusa nayo huleta 1603. Huduma iliyogoma kuwaka huleta 1603. Kipande cha programu kilichoandikwa vibaya na mtengenezaji nacho huleta 1603. Watu wawili wenye namba moja wanaweza kuwa na matatizo mawili yasiyohusiana hata kidogo, ndiyo maana dawa iliyomponya mmoja haimsaidii mwingine. Chanzo chenyewe kimeandikwa kwingine, kwenye faili ambalo mafundi huliita logi.

Kazi hii yote hufanywa na Windows Installer, mtambo uliotoka mwaka 1999 pamoja na Office 2000 na ambao mpaka leo ndio unaoshughulikia mafaili yenye mkia wa .msi. Mtambo huo unaweza kuandika kila hatua unayopitia, ila ni lazima uuombe. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, kisha andika hivi, ukiweka jina la faili lako mahali pa hili la mfano:

```
mkdir C:\Logi
msiexec /i "C:\Mizigo\Hesabu.msi" /L*v "C:\Logi\hesabu.txt"
```

Mstari wa kwanza una kazi yake. Windows Installer haitengenezi folda ya logi. Isipoikuta hukataa kuendelea na kutoa namba 1622, yaani imeshindwa kufungua faili la logi. Katika mstari wa pili, nyota inaomba aina zote za kawaida za maelezo, lakini nyota peke yake haileti maelezo ya kina. Kinachoyaleta ni ile herufi `v`. Logi isiyo na `v` mara nyingi hukosa mistari ileile unayoihitaji. Kama ulichopewa ni setup.exe na si .msi, basi huenda ndani yake kuna .msi moja au zaidi, na kwa kawaida logi zake hubaki kwenye folda ya `%TEMP%`. Zipange kwa saa, uangalie zilizoandikwa muda ule ule uliposhindwa.

Ukifungua faili hilo kwa Notepad utakuta maelfu ya mistari. Usianze kusoma kutoka juu, na usikimbilie chini pia. Chini ndiko wengi wanakopotea. Baada ya kushindwa, Windows Installer hubomoa kila ilichokwisha kuweka, na kila kitendo cha kubomoa kinaandikwa. Baada ya hapo hufuata orodha ndefu ya sifa za programu, na karibu na mwisho kabisa mstari `MainEngineThread is returning 1603`, ambao unarudia tu ulichokwisha kukiona kwenye kidirisha. Kutafuta neno `error` nako hakufai. Kuna mistari kama `Note: 1: 2262 2: Error 3: -2147287038` inayojitokeza hata katika usakinishaji uliofaulu. Maana yake ni kwamba mtambo umetafuta jedwali ambalo mtengenezaji hakuliweka, haukulikuta, ukaendelea na safari.

Nenda mwanzo wa faili, bonyeza Ctrl na F, utafute maneno haya:

```
Return value 3
```

Kila hatua ikimalizika, logi huandika jina lake na namba ya matokeo. 1 ni kufaulu. 2 ni kwamba mtumiaji ameghairi, na hapo msiexec humaliza kwa namba 1602 badala ya 1603. 3 ni kushindwa. Ukitafuta kutoka juu kwenda chini utaipata 3 zaidi ya mara moja, kwa kuwa hatua ndogo iliyoshindwa iko ndani ya hatua kubwa zaidi, na kila moja huripoti kushindwa kuleule kwa zamu yake, mpaka kufikia ile inayoitwa `INSTALL`. Simama kwenye ya kwanza. Kisha soma kupanda juu mstari kwa mstari, kwa sababu kilichosababisha kosa kimeandikwa kabla yake. (Kwa walio Burundi, Kongo na kwingineko ambako kompyuta nyingi zina Windows ya Kifaransa: maneno `Return value` huandikwa kwa lugha ya Windows yenyewe, lakini majina ya hatua na namba hazibadiliki. Tafuta `InstallFinalize`, uangalie kama mstari wake unaishia na 3.)

Hilo jina InstallFinalize linahitaji maelezo, maana ndilo linalolaumiwa bure kuliko yote. Windows Installer hufanya kazi kwa awamu mbili. Katika ya kwanza hupita kwenye hatua zote na kutengeneza orodha ya kazi: nakili faili hili, andika thamani ile kwenye rejista, unda huduma, iwashe. Bado haijagusa chochote. Ndiyo maana katika awamu hiyo utaona `InstallFiles` na `StartServices` zote zimepewa 1. Hiyo 1 inathibitisha tu kwamba kazi imeorodheshwa. Awamu ya pili, ambapo orodha hiyo inatekelezwa kweli, hufanyika ndani ya InstallFinalize. Faili likikataa kunakiliwa, au huduma ikikataa kuwaka, anayebebeshwa 3 ni InstallFinalize, ingawa yeye ni msimamizi wa kazi tu. Fundi asiyejua hili huandika InstallFinalize kwenye mtandao na kupotea mara ya pili.

Mstari unaotaja kazi halisi huanza na maneno `Executing op`. Kwa hiyo ukishafika kwenye 3 ya kwanza na ukakuta ni ya InstallFinalize, panda juu mpaka kwenye `Executing op` iliyo karibu zaidi. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa mkononi mambo yalipoharibika.

Tuchukue mfano, tukiipa programu jina la Hesabu. Inaweka huduma iitwayo HesabuSvc, inayofanya kazi chinichini na kuhifadhi mauzo ya siku. Mtengenezaji anataka huduma hiyo itumie akaunti yake yenyewe kwenye kompyuta, si akaunti ya SYSTEM, kwa hiyo kabla ya kuanza umeunda akaunti `hesabu` na kuipa nywila. Usakinishaji unashindwa kwa 1603. Kwenye logi, 3 ya kwanza na mistari iliyo juu yake inasomeka hivi:

```
MSI (s) (D4:5C) [10:41:22:118]: Executing op: ServiceControl(,Name=HesabuSvc,Action=1,Wait=1,)
MSI (s) (D4:5C) [10:41:24:377]: Product: Hesabu -- Error 1920. Service 'Hesabu' (HesabuSvc) failed to start. Verify that you have sufficient privileges to start system services.
Action ended 10:41:58: InstallFinalize. Return value 3.
```

Herufi `s` kwenye mabano inaonyesha kwamba mstari umeandikwa na upande wa huduma ya Windows Installer, ule wenye nguvu za kubadilisha mfumo. Ingekuwa `c`, mstari ungekuwa wa upande wa mtumiaji, unaoonyesha vidirisha. Namba zinazofuata ni tarakimu za mwisho za utambulisho wa mchakato na wa uzi wake, halafu inakuja saa mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Kitu cha kuangalia hasa ni jina la kazi. `ServiceControl` ikiwa na `Action=1` ni amri ya kuwasha huduma. Kwa hiyo faili zimenakiliwa, rejista imeandikwa, huduma imeundwa, na kilichokwama ni kuiwasha peke yake. Kwa mistari mitatu tumeshaachana na ushauri wote unaohusu diski, faili za muda na rejista.

Sasa namba 1920. Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazoefu huingia. Windows Installer ina orodha mbili za namba. Ya kwanza ni namba ambayo msiexec humaliza nayo: 1602, 1603, 1618 na wenzake. Ya pili ni namba za ujumbe wa ndani, zinazofuata neno `Error` au `Info` kwenye logi, na 1920 ni mojawapo. Baadhi ya tarakimu zimo kwenye orodha zote mbili kwa maana tofauti. Ukikuta ndani ya logi `Info 1603`, ikifuatiwa na jina la faili, hiyo si ile 1603 ya kidirisha. Inasema kuwa faili lililotajwa linatumiwa na programu nyingine wakati huo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta maana ya namba yoyote, angalia umeiokota wapi.

Ujumbe wa 1920 unasema huduma imeshindwa kuwaka, kisha unakushauri uhakikishe una haki za kutosha za kuwasha huduma. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ni sentensi isiyobadilika, iliyoandikwa miaka mingi iliyopita na kubandikwa kwenye kila 1920, liwe tatizo ni haki au si haki. Watu huisoma, wakarudia usakinishaji kama msimamizi, ukashindwa, wakarudia tena. Huduma inaweza kugoma kwa sababu faili inalolitegemea halipo, au imechelewa kujibu, au akaunti yake haikubaliki. Windows Installer haiandiki ni ipi kati ya hizo. Logi imetuonyesha mahali, na kutoka hapo tunahamia kwenye daftari jingine.

Daftari hilo ni Event Viewer, sehemu ya System, kwenye mistari ya Service Control Manager. Saa tuliyoipata kwenye logi ndiyo ufunguo: tafuta tukio la saa 10:41. Tukio namba 7000 litasema huduma haikuwaka. Karibu nalo litakuwapo jingine linaloeleza kwa nini. Likiwa 7009, huduma imepitisha muda uliowekwa wa kujibu, ambao kwa kawaida ni sekunde 30. Likiwa 7038, jina au nywila ya akaunti si sahihi. Katika mfano wetu ni 7041, linalosema akaunti `hesabu` haina haki ya kuingia kama huduma.

Hapo ndipo chanzo kinapoonekana. Katika Windows, akaunti kuwapo na kuwa na nywila sahihi hakutoshi kuendesha huduma. Ni lazima pia ipewe haki iitwayo `Log on as a service`. Windows Installer inapounda huduma haiigawi haki hiyo, wala haijaribu kuona kama nywila inafaa. Huduma inaundwa bila lalamiko lolote, kosa linajitokeza hatua moja baadaye, wakati wa kuiwasha. Ndiyo maana hatua ya kuunda huduma ilipita salama kwenye logi, na ndiyo maana kuwa msimamizi hakukusaidia: haki inayokosekana ni ya akaunti ya huduma, si yako wewe unayesakinisha.

Kuna mbinu moja hapa ambayo ningependa kila fundi aijue. Ukishapata jibu la kidirisha cha 1920 na kubonyeza kitufe cha kughairi, Windows Installer hubomoa kila kitu. Ukifungua orodha ya huduma baada ya hapo, HesabuSvc haipo, na huna cha kuchunguza. Kwa hiyo rudia usakinishaji kwa vidirisha, usiufanye kimyakimya, na 1920 ikitokea kiache kidirisha hicho wazi bila kukigusa. Wakati huo faili zote zipo mahali pake na huduma ipo kwenye orodha. Fungua `services.msc`, ingia kwenye sifa za huduma hiyo, na kwenye kichupo cha `Log On` andika upya akaunti na nywila yake, kisha ukubali. Dirisha hilo, tofauti na Windows Installer, huipa akaunti haki ya kuingia kama huduma papo hapo, na hukujulisha kuwa limefanya hivyo. Rudi kwenye kidirisha cha 1920 ubonyeze kitufe cha kujaribu tena. Huduma itawaka, InstallFinalize itapata 1, na mstari wa mwisho utarudisha 0 badala ya 1603.

Kama una kompyuta nyingi za kusakinisha, usifanye hivyo kwenye kila moja. Ipe akaunti haki hiyo mapema kupitia `secpol.msc`, kwenye sera za ndani, sehemu ya haki za watumiaji. Zana hiyo haimo kwenye matoleo ya Windows ya Home. Huko njia ya `services.msc` inatosha.

Si kila kosa litakulazimisha kwenda Event Viewer. Makosa ya faili na rejista mara nyingi hubeba sababu yake ndani ya logi. Ujumbe 1406, kwa mfano, unasema thamani fulani imeshindwa kuandikwa kwenye ufunguo fulani wa rejista, na ndani yake mna maneno `System error 5`. Maneno hayo hayaonekani kwenye kidirisha. Windows Installer huruhusu sehemu ya ujumbe iandikwe kwenye logi tu bila kuonyeshwa kwa mtumiaji, na namba ya mfumo ni mojawapo ya sehemu hizo. Aliyepiga picha ya kidirisha na kuituma kwa WhatsApp hajatuma kilicho muhimu zaidi. Namba ya mfumo husomwa kwa amri moja:

```
net helpmsg 5
```

Windows yenyewe itajibu kuwa ni kunyimwa ruhusa. Namba 32 itakuambia faili linatumiwa na mchakato mwingine, na 112 kuwa diski imejaa. Wakati mwingine namba huja katika sura ndefu kama `0x80070643`. Ikianza na `0x8007`, tarakimu nne za mwisho ni namba ya mfumo iliyoandikwa kwa mfumo wa kumi na sita. Igeuze kwa kikokotoo cha Windows kilichowekwa kwenye hali ya Programmer, na utapata kwamba 643 ni 1603. Wale wanaokutana na `0x80070643` kwenye Windows Update wanaona 1603 ileile ikiwa imevaa nguo nyingine, na nao wanapaswa kuitafuta logi.

Njia hii ina mpaka wake. Watengenezaji wengi huongeza hatua zao wenyewe ndani ya .msi, na hizo zikishindwa logi husema tu `CustomAction`, jina la hatua, na kwamba imerudisha 1603. Ukipanda juu huenda usikute neno hata moja la maelezo, kwa kuwa kipande hicho hakikuandika kitu. Hapo usiendelee kubahatisha. Angalia kama programu imeacha logi yake binafsi kwenye `%TEMP%`, kisha mpelekee mtengenezaji jina la hatua hiyo pamoja na logi nzima. Ni yeye peke yake anayejua kilichomo.

Zipo pia namba zisizohitaji logi kabisa. 1618 inasema usakinishaji mwingine unaendelea, subiri umalizike. 1619 inasema faili la .msi halikufunguka, aghalabu kwa sababu njia ya faili imeandikwa vibaya au upakuaji haukukamilika. 3010 si kosa: programu imeingia na inahitaji kompyuta iwashwe upya.

Kabla hujamtumia mtu yeyote logi yako, rudi kwenye ile orodha ndefu ya sifa iliyo karibu na mwisho, mistari inayoanza na `Property(S)` na `Property(C)`. Hapo Windows Installer huandika kila ulichojaza kwenye vidirisha au kwenye amri, pamoja na nywila ya akaunti ya huduma, isipokuwa kama mtengenezaji ameificha kwa sifa ya `MsiHiddenProperties`. Wengi hawaifichi. Tafuta nywila yako kwenye faili zima, ifute popote inapoonekana, ndipo utume. Na kama logi hiyo umeshaituma bila kuikagua, badilisha nywila hiyo leo.